Ksp ndogo, lakini inayeyuka zaidi: kisa cha chumvi mbili za fedha

*"Shikamoo Mwalimu. Kwenye jaribio la kemia tulipewa AgCl yenye Ksp 1.8 × 10⁻¹⁰ na Ag₂CrO₄ yenye Ksp 1.1 × 10⁻¹², tuseme ipi inayeyuka zaidi kwenye maji. Nikaandika AgCl kwa kuwa Ksp yake ni kubwa. Nimekosa. Lakini swali la juu yake, la AgCl na AgBr, nililijibu kwa njia hiyohiyo nikapata. Sasa njia hii inakubali lini, inakataa lini, na kwa nini?"*

Marahaba. Tuanze na hesabu yenyewe, sababu tutaijia baadaye, kwa kuwa wengi huambiwa "hairuhusiwi kulinganisha" bila kuoneshwa kinachoharibika wakilinganisha.

Chukua bika ya maji safi, tia unga wa AgCl, yaani kloraidi ya fedha, koroga, ongeza, koroga, mpaka ufike mahali unga unabaki chini na hauyeyuki tena hata ukoroge mpaka jioni. Maji yameshiba. Kiasi kilichoyeyuka katika kila lita, kwa moli, tukiite s. Huu ndio umumunyifu unaoulizwa kwenye swali lako. Kila moli moja ya AgCl inayoyeyuka inaacha moli moja ya Ag⁺ na moli moja ya Cl⁻, kwa hiyo ukolezi wa kila ioni ni s, na Ksp ni zao la kuzidisha ukolezi wa ioni hizo maji yakishashiba:

Ksp = [Ag⁺][Cl⁻] = s × s = s²

s = √(1.8 × 10⁻¹⁰) = 1.34 × 10⁻⁵ moli kwa lita

Sasa bika ya pili, unga mwekundu wa kromati ya fedha. Hapa kila moli moja inayoyeyuka inaacha moli mbili za Ag⁺ na moja ya CrO₄²⁻. Ukolezi wa fedha ni 2s, wa kromati ni s:

Ksp = [Ag⁺]²[CrO₄²⁻] = (2s)² × s = 4s³

s³ = 1.1 × 10⁻¹² ÷ 4 = 2.75 × 10⁻¹³

s = 6.5 × 10⁻⁵ moli kwa lita

Linganisha hizo s mbili. Kromati inayeyuka karibu mara 5 zaidi ya kloraidi, ingawa Ksp yake ni ndogo mara 160 na zaidi. Ukitaka kwa uzito, lita moja ya maji inabeba kama miligramu 1.9 za AgCl, na kama miligramu 22 za Ag₂CrO₄. Aliyekusahihishia hakukuonea.

Nasimama kidogo kwenye ile (2s)², kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananiuliza: fedha tumeshaizidisha kwa 2, sasa kwa nini tunaipandisha tena kipeo cha pili, si tunaihesabu mara mbili? La. Hayo ni mambo mawili tofauti yaliyokutana kwenye mabano mamoja. Ile 2 iliyo ndani ya mabano inajibu swali la "fedha ni kiasi gani humo majini?", na jibu ni mara mbili ya kromati kwa sababu zote zimetoka kwenye unga uleule. Kipeo cha pili kilicho nje kinatokana na sheria ya msawazo: ili kipande kimoja cha Ag₂CrO₄ kijengeke tena, ioni mbili za fedha na moja ya kromati lazima zihusike, kwa hiyo ukolezi wa fedha unaingia kwenye kuzidisha mara mbili. Siku fedha ikitoka mahali pengine, tuseme umemimina naitreti ya fedha, ile 2 ya ndani inaondoka lakini kipeo cha pili kinabaki palepale. Kumbuka hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa sababu. Ksp ya AgCl imepatikana kwa kuzidisha namba mbili za ukolezi. Ksp ya Ag₂CrO₄ imepatikana kwa kuzidisha namba tatu. Ukolezi wenyewe katika chumvi hizi ni sehemu ndogo mno ya moli, na unajua kinachotokea ukizidisha kwa sehemu ndogo: jibu linashuka. Kila namba ya ziada inayoingia kwenye kuzidisha inaikokota Ksp chini mara elfu kadhaa au zaidi. Kwa hiyo Ksp ya kromati iko chini kwa sababu imezidishwa mara moja zaidi, na wala si kwa sababu kromati haiyeyuki.

Vipimo vyake vinakuambia hivyohivyo. Ya kwanza iko katika (moli kwa lita) kipeo cha pili, ya pili katika kipeo cha tatu. Kuuliza ipi kubwa kati yake ni kama kuuliza kama mkeka wa mita za mraba 6 ni mkubwa kuliko tangi la mita za ujazo 5. Sita ni zaidi ya tano, sawa, lakini hujajibu chochote.

Kama bado una shaka, fanya jaribio hili la karatasi ambalo mimi ndilo lililonimaliza ubishi nilipokuwa mwanafunzi. Acha moli kwa lita, tumia milimoli kwa lita. Maji ni yaleyale, unga ni uleule, umebadili kipimo tu, kama mtu anayeacha kilo na kuanza kutumia gramu. Katika bika ya AgCl kuna 0.0134 ya kila ioni. Zidisha: 0.0134 × 0.0134 = 1.8 × 10⁻⁴. Katika bika ya kromati kuna fedha 0.130 na kromati 0.065. Zidisha: 0.130 × 0.130 × 0.065 = 1.1 × 10⁻³. Umeona? Sasa Ksp ya kromati ndiyo kubwa! Mpangilio umegeuka, na hakuna hata chembe moja iliyosogea majini. Kitu kinachogeuka kwa sababu umebadili kipimo hakiwezi kuwa kinakueleza habari za chumvi. Lakini s hazikugeuka: 0.0134 na 0.065, kromati bado iko mbele.

(Ukifika chuo utakutana na watakaokuambia Ksp haina kipimo, kwamba kila ukolezi umegawanywa kwanza kwa moli 1 kwa lita. Ni kweli, na vitabu vya juu vinaandika hivyo. Lakini ile "moli 1" ilichaguliwa na watu. Wangechagua milimoli 1, jedwali lingesomeka kama nilivyokuonesha sasa hivi.)

Ndiyo maana AgCl na AgBr zilikukubalia. Zote mbili zinatoa ioni mbili, moja chanya na moja hasi, kwa hiyo Ksp zote ni s², na mwenye mraba mkubwa ndiye mwenye upande mkubwa. AgBr ina Ksp kama 5.4 × 10⁻¹³, s yake ni 7.3 × 10⁻⁷, chini kabisa ya AgCl. Vivyo hivyo ungeweza kulinganisha Ag₂CrO₄ na CaF₂ kwa kutazama Ksp tu, kwa sababu zote ni 4s³; haijalishi kwamba moja ina ioni mbili chanya na nyingine ina ioni mbili hasi. Muundo wa ioni nne, kama Ag₃PO₄, unatoa 27s⁴, na huo nao unalinganishwa na wenzake wa ioni nne pekee. Nje ya hapo, tafuta s kwanza.

Naongeza jambo moja ambalo halimo kwenye madaftari mengi: si kila mara Ksp mbili za miundo tofauti zitakudanganya. Chumvi ya muundo wa Ag₂CrO₄ ingelingana na AgCl kwa umumunyifu kama Ksp yake ingekuwa 4 × (1.34 × 10⁻⁵)³, yaani takriban 9.7 × 10⁻¹⁵. Ikiwa chini ya hapo, kweli inayeyuka kidogo kuliko AgCl, na aliyetazama Ksp tu atapata jibu sahihi kwa bahati. Ikiwa juu ya 1.8 × 10⁻¹⁰, atapata tena. Atakosa kati ya hapo. Na hapo kati ni papana, karibu mara 19,000 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kromati ya fedha imekaa humo ndani, na watunga mitihani wanalijua hilo vizuri sana.

Lakini hesabu ni hesabu. Kinachonifurahisha kwenye chumvi hizi mbili ni kwamba unaweza kuziuliza zenyewe, na zinajibu kwa rangi. Kama shule yenu ina naitreti ya fedha na kromati ya potasiamu, mwombe mwalimu wa maabara afanye hivi (avae glavu, kromati ni sumu na haimwagwi kwenye sinki). Katika neli ya kupimia changanya matone machache ya myeyusho wa naitreti ya fedha na myeyusho wa njano wa kromati. Mashapo mekundu kama tofali yatajitokeza papo hapo. Hiyo ni Ag₂CrO₄. Sasa ongeza maji ya chumvi ya kawaida ya mezani na utikise. Wekundu unafifia, unakuwa waridi, halafu unapotea kabisa, na chini panabaki mashapo meupe kama maziwa yaliyoganda. Maji ya juu yanarudi kuwa ya njano. Kloraidi imeipokonya kromati fedha yake:

Ag₂CrO₄ + 2Cl⁻ ⇌ 2AgCl + CrO₄²⁻

Kipimo cha msawazo huu ni Ksp ya kromati ukigawanya kwa mraba wa Ksp ya kloraidi, na jibu ni karibu 3.4 × 10⁷. Namba hiyo kubwa inamaanisha mchezo unaelekea kulia kwa nguvu. Kama namba hiyo ingekuwa ndogo mno, wekundu usingekwenda popote.

Na kuna watu wanaokula kwa tofauti hii. Mjerumani Karl Friedrich Mohr aliifanya kuwa njia ya kupima kloraidi mwaka 1856, na mpaka leo kwenye maabara za maji ni mojawapo ya njia zinazotumika mtu akitaka kujua kisima kimeingiwa na chumvi kiasi gani. Nimeifanya mara nyingi kwa maji ya visima vya pwani, kwa hiyo nikupeleke hatua kwa hatua na sampuli moja ya mfano.

Pipeti mililita 50 za maji ya kisima kwenye flaski. Ongeza mililita 1 ya kromati ya potasiamu ya asilimia 5. Maji yanakuwa ya njano. Jaza bureti kwa naitreti ya fedha ya moli 0.05 kwa lita, anza kudondosha huku ukizungusha flaski. Tuseme kloraidi katika maji haya ni moli 0.010 kwa lita, kama miligramu 355. Mtu wa kawaida akiyanywa atahisi yana chumvi kidogo.

Humo ndani sasa kuna wagombea wawili wa fedha ile ile. Nani anaanza kuganda? Jiulize kila mmoja anahitaji fedha kiasi gani ili aanze. Kloraidi inahitaji [Ag⁺] ifike 1.8 × 10⁻¹⁰ ÷ 0.010, yaani 1.8 × 10⁻⁸. Kromati, ikishachanganyika na ujazo wote, ina ukolezi wa kama 0.0043, kwa hiyo inahitaji [Ag⁺] ifike kipeuo cha pili cha 1.1 × 10⁻¹² ÷ 0.0043, yaani 1.6 × 10⁻⁵. Karibu mara elfu moja zaidi. Kwa hiyo matone yote ya mwanzo yanaishia kwenye mashapo meupe, na kromati inasubiri.

Ukitazama kwa makini utaona kitu kizuri. Kila tone linapoangukia, panatokea doa jekundu dogo, halafu ukizungusha flaski linafutika. Wanafunzi wangu hudhani wamekosea. Hawajakosea. Pale tone lilipoangukia fedha ni nyingi mno kwa sekunde moja, inatosha hata kwa kromati. Ukizungusha, fedha inasambaa, kloraidi inainyakua, na ule wekundu unayeyuka. Ni lile jaribio la neli ya kupimia, linajirudia kwa kila tone.

Kadiri unavyoendelea, doa linachelewa kufutika. Ukikaribia mililita 10 kloraidi imebaki kidogo sana, na [Ag⁺] inapanda kwa haraka. Pale kloraidi na fedha zinapolingana sawasawa, [Ag⁺] ni 1.34 × 10⁻⁵, ileile s ya AgCl tuliyoipata mwanzo. Na kromati inaanza kuganda kwenye 1.6 × 10⁻⁵. Hatua moja tu mbele! Wakati huo kloraidi iliyobaki majini ni 1.8 × 10⁻¹⁰ ÷ 1.6 × 10⁻⁵, kama 1.1 × 10⁻⁵, chini ya sehemu 2 katika kila 1,000 ya ile ya mwanzo. Flaski inageuka kutoka njano ya limau kuwa na wekundu hafifu wa tofali usiofutika. Funga bureti, soma.

Kivitendo unahitaji tone la ziada ili jicho lione wekundu, kwa hiyo unapima pia maji yasiyo na kloraidi kwa namna ileile na kutoa tofauti.

Kama kromati ndiyo ingehitaji fedha kidogo kuliko kloraidi ili kuganda, ingeganda kwanza, flaski ingekuwa nyekundu kuanzia tone la kwanza, na njia hii isingekuwepo.

Inaharibika, bila shaka. Maabara moja niliyowahi kufanya kazi tulipokea chupa za sampuli, nikadondosha naitreti ya fedha mpaka bureti ikakaribia kwisha, wekundu haukuja. Nilifikiri kisima kimegeuka bahari. Baadaye nikagundua kwamba rangi kwenye flaski haikuwa njano hata mwanzo, ilikuwa ya chungwa: aliyechukua sampuli alitia asidi kwenye chupa ili kuhifadhi metali, na hakuandika kwenye lebo. Kwenye asidi kromati inageuka, sehemu inakuwa HCrO₄⁻ na sehemu dikromati, kwa hiyo CrO₄²⁻ iliyobaki ni kidogo na [CrO₄²⁻] kwenye ile hesabu ya Ksp inaporomoka. Fedha inayohitajika inakuwa nyingi mno. Tibabu ni kurudisha pH kati ya 7 na 10 kwa bikaboneti ya sodiamu kabla ya kuanza. Ukipitiliza juu ya hapo, fedha yenyewe inaganda kama oksaidi ya kahawia na unapata balaa jingine.

Nilikuambia ukumbuke ile 2 ya ndani ya mabano. Sasa nirudi hapo, kwa sababu kuna mtego ambao hata baadhi ya walimu hawauoni. Kila nilichosema kuhusu "ipi inayeyuka zaidi" kilikuwa kuhusu maji safi. Badili maji, uone.

Chukua maji ambayo tayari yana naitreti ya fedha ya moli 0.1 kwa lita, kisha jaribu kuyeyusha humo chumvi zetu mbili. Fedha inayotoka kwenye unga ni kidogo mno mbele ya hiyo 0.1, iache. Kwa AgCl, kiasi kinachoweza kuyeyuka ni 1.8 × 10⁻¹⁰ ÷ 0.1 = 1.8 × 10⁻⁹. Kwa kromati, fedha ina kipeo cha pili: 1.1 × 10⁻¹² ÷ (0.1)² = 1.1 × 10⁻¹⁰. Sasa kromati ndiyo inayeyuka kidogo, mara 16 chini ya kloraidi! Mpangilio umegeuka, na safari hii umegeuka kweli, majini, wala si kwenye karatasi kama kule kwenye milimoli.

Sababu ni kile kipeo. Ukiongeza fedha mara kumi, AgCl inakandamizwa mara kumi, lakini kromati inakandamizwa mara mia. Kuna mahali zinapokutana: panapokuwa na fedha ya moli 0.0061 kwa lita, yaani Ksp ya kromati ukigawanya kwa Ksp ya kloraidi, zote mbili zinayeyuka sawa. Chini ya hapo kromati iko mbele, juu ya hapo kloraidi. Kwa hiyo hata baada ya kuacha kosa la kulinganisha Ksp, usije ukatengeneza orodha nyingine ya kudumu kichwani mwako. Mtu akikuuliza ipi inayeyuka zaidi, muulize: kwenye maji gani?

(Namba hizi ni za hesabu nyepesi. Kwenye maji yenye ioni nyingi kiasi hicho, ioni zinavutana na Ksp halisi inayumba kidogo. Haitoshi kufuta tofauti ya mara 16.)

Mwisho nikuoneshe mahali ambapo hata s yenyewe, ukiihesabu kwa fomula tu, haitoshi. Chukua kaboneti ya kalsiamu, ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, yenye Ksp kama 3.4 × 10⁻⁹, na floraidi ya kalsiamu yenye Ksp kama 3.5 × 10⁻¹¹. Kwa macho, kaboneti iko mbele mara mia. Kwa hesabu, kaboneti ni s², inatoa 5.8 × 10⁻⁵. Floraidi ni 4s³, inatoa 2.1 × 10⁻⁴. Floraidi iko mbele zaidi ya mara tatu. Ni kisa cha fedha tena, na watu wa Arusha na wa Bonde la Ufa wanaokaa kwenye maji yenye floraidi wana sababu ya kukifahamu: maji yaliyoshiba CaF₂ peke yake yana kama miligramu 7.8 za floraidi kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Ndiyo maana kuigandisha floraidi kwa kalsiamu kunahitaji kalsiamu ya ziada ya kutosha. Kiasi cha kulingana tu hakifikishi.

Ila kaboneti ina tabia yake. Ikishayeyuka, CO₃²⁻ haibaki kama ilivyo: sehemu yake inanyakua hidrojeni kutoka kwenye maji na kuwa HCO₃⁻. Kila ioni inayogeuka inaacha nafasi, na kaboneti nyingine inayeyuka kuijaza. Hesabu ya s² haikujua habari hiyo, ilidhani kaboneti yote iliyotoka imebaki kaboneti. Kwa hiyo kiasi halisi kwenye maji safi yaliyofunikwa ni kama mara mbili ya 5.8 × 10⁻⁵, bado chini ya floraidi. Lakini fungua chombo, uache hewa iingie na kaboni dioksaidi yake, na umumunyifu wa CaCO₃ unapanda mpaka karibu 4.7 × 10⁻⁴. Hapo imeipita floraidi. Fosfeti na salfaidi zina tabia hiyohiyo, na salfaidi ndizo mbaya zaidi.

Kloraidi haina shida hiyo, kwa sababu Cl⁻ haitaki hidrojeni ya mtu. Kwa hiyo ukikutana na swali kama lako, andika kwanza ioni ngapi zinatoka, pata s kwa kila chumvi, linganisha s. Halafu tazama ioni hasi: ikiwa ni ya asidi dhaifu, kama kaboneti, fosfeti au salfaidi, andika pembeni ya jibu lako kwamba umechukulia haigeuki majini. Msahihishaji anayejua kazi yake ataitafuta hiyo sentensi.